Kulipika Jiwe la Wahausa kwa Kiswahili

Wahausa wana methali yao kuhusu subira: "Mai haƙuri yakan dafa dutse har ya sha romonsa." Mai ni mwenye. Haƙuri ni subira, pamoja na mambo mengine nitakayoyagusa mbele kidogo. Dafa ni kupika, dutse ni jiwe, na romo ni ile supu inayobaki chunguni nyama ikishachemka. Kwa hiyo mwenye subira hulipika jiwe mpaka akanywa supu yake. Methali hii inajulikana kote kunakosemwa Kihausa, tangu Kano, Katsina na Sokoto kaskazini mwa Nijeria hadi Maradi na Zinder kusini mwa Nijeri.

Mfasiri wa Kiswahili anapoikuta katika riwaya au katika hotuba, mkono wake huenda mbio kwenye methali aliyoizoea tangu utotoni: mvumilivu hula mbivu. Akishaiandika, anaendelea na ukurasa unaofuata bila wasiwasi, maana zote mbili zinahimiza subira na msomaji ataelewa mara moja. Mimi nashikilia kwamba amepoteza nusu ya kilichosemwa, na kwamba jiwe lile linaweza kuingia katika Kiswahili likiwa jiwe, mradi mfasiri ajue anachokipika.

Itazame kwanza hiyo mbivu. Embe likiwa mtini linaiva lenyewe. Jua, mvua na majira vinafanya kazi yote, na mtu ameachiwa sharti moja tu, asilichume kabla ya siku zake. Subira hapo ni ya kujizuia. Tena ni subira yenye ahadi ndani yake, kwa sababu kila aliyewahi kuona mwembe anajua kwamba tunda bichi lina desturi ya kuiva.

Jiwe halina desturi hiyo. Mhausa anayeitamka methali yake anajua vizuri kwamba jiwe haliivi, na anayeambiwa naye anajua. Maji ya chungu hata yachemke vipi hayapandi sana zaidi ya nyuzi 100, ilhali mawe magumu kama matale hayayeyuki hata kwenye moto mkali mara kadhaa kuliko huo. Methali inachukua kitu kisichowezekana kabisa na kusema kwamba mwenye subira hukiweza. Kutia chumvi huko ndiko kunakoipa nguvu. Hoja iliyojificha humo ni kwamba ikiwa hata jiwe hutoa supu kwa mtu wa namna hiyo, basi hili jambo lako unalolilalamikia, ambalo ni laini kuliko jiwe, litakushindaje?

Halafu mtu wa methali hii hakukaa. Anapika. Kupika kwa kuni, kwa aliyewahi kukufanya, ni kuchochea moto, kuvumilia moshi machoni, kuongeza maji kila yanapopungua na kutafuta kuni nyingine zile za kwanza zikiisha. Anayepika nyama akifunua chungu huona dalili: nyama inabadilika rangi, inaanza kuachana na mfupa, harufu inamwambia bado kiasi gani. Anayepika jiwe akifunua chungu analikuta jiwe lilelile, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, ulipo moyo wa methali. Kiswahili kinayo "bandu bandu huisha gogo", ambayo nayo ni subira yenye kazi, lakini mwenye shoka huona gogo likipungua kila siku. Subira ya Wahausa hapa ni ya kuendelea na kazi ambayo haionyeshi dalili yoyote ya kufanikiwa. Katika hazina yetu ya methali sijui ambayo inasema hivyo hasa, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuihamisha picha nzima badala ya kuibadilisha kwa nyingine.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ya kiufundi zaidi. Methali katika mazungumzo haikai peke yake. Watu huijibu, huigeuza, huendeleza picha yake. Tuseme mfasiri ana mbele yake sehemu ya hadithi inayotokea kwa fundi wa darizi mjini Kano. Kazi hapo ni kutarizi kwa mkono lile joho pana linaloitwa babbar riga, kazi inayoweza kuchukua miezi kwa vazi moja. Mwanafunzi amechoka. Anamwita fundi wake Maigida, kama vijana wa kazi wanavyowaita mabwana zao, neno lenye maana ya mwenye nyumba.

"Maigida, tangu msimu wa mvua nashona mistari hii hii. Watu hawanipi hata kofia nitarizi."

"Yi haƙuri, mwanangu. Mvumilivu hupika jiwe hadi akanywa supu yake."

"Sawa, Maigida. Na kuni nitapewa na nani?"

Kijana anaomba posho. Hakutaja fedha, kwa kuwa adabu haimruhusu kumdai mkubwa wake waziwazi, basi ameingia ndani ya methali ya mzee na kuomba kuni. Sasa mwekee mzee yule mdomoni "mvumilivu hula mbivu", uone kinachotokea. Kijana anauliza habari za kuni na msomaji anabaki anashangaa, kuni za nini tena? Mfasiri atalazimika kulibadilisha na jibu, pengine amfanye kijana aulize habari za mbolea, na akifika kurasa 3 mbele ambapo mzee anamwambia mkewe kwamba yule kijana ameanza kunusa harufu ya supu, itabidi abadilishe pia hapo. Picha moja ikiondolewa, nyingine zote zilizojengwa juu yake hulegea. Kwa hiyo kabla ya kuamua, mfasiri mzoefu huisoma sura nzima kuona kama kuna mahali popote ambapo jiwe, moto, chungu au supu vinarudi.

Baada ya kuamua kulibakiza jiwe, kazi inahamia kwenye maneno, na humo mna mitego ambayo haionekani kwa mbali.

Tuanze na supu, kwa sababu wengi wataandika mchuzi. Jiko la Kihausa linatofautisha romo na miya. Miya ni mboga ya kulia tuwo, chakula kinachofanana na ugali wetu, kinachosongwa kwa unga wa mtama, uwele, mahindi au hata kwa wali. Ipo miya ya bamia, ipo ya unga wa majani makavu ya mbuyu, ipo ya maboga na karanga, na zote ni nzito, za kuchovya tonge. Romo ni kitu kingine. Ni maji ya nyama, mepesi, yenye ladha ya kilichochemshwa, nayo hunywewa. Ndiyo maana methali ina kitenzi sha, kunywa. Mhausa asikiapo romo anaelewa kwamba jiwe limetoa utamu wake wote majini.

Kiswahili cha leo kina tofauti hiyo hiyo, tena wazi. Mchuzi unamwagiwa wali au unachovyewa mkate, nayo supu hunywewa asubuhi kwa chapati na kipande cha ndimu. Mchuzi unaweza kuwa mtamu kwa vitunguu, nyanya na nazi hata kama nyama ni kidogo. Supu haina pa kujificha. Utamu wake umetoka katika kitu kilichopikwa. Wanaokunywa supu ya makongoro wanajua maana yake: kwato zile huingia chunguni zikiwa ngumu kama mti, zikakaa motoni saa nyingi, na mwisho maji yananata midomoni. Ukimwambia mtu wa Ilala au wa Kariokoo "supu ya jiwe", ulimi wake tayari una mahali pa kuiweka. Zamani, na hata sasa katika baadhi ya nyumba za pwani, mchuzi ulibeba maana zote mbili, na mgonjwa aliweza kupewa mchuzi wa kuku anywe. Lakini kwa msomaji wa kawaida wa leo, supu inaifikisha picha haraka zaidi, na sioni sababu ya kuikwepa eti kwa kuwa ni neno la kukopa.

Kitenzi nacho kina mtego. Mtu anaweza kusema, jiwe haliwezi kupikwa, huchemshwa tu, basi tuandike "huchemsha jiwe". Hasara yake ni mbili. Kwanza, kuchemsha ni kuyapeleka maji kwenye moto tu. Kupika kuna nia ya kula, na anayelipika jiwe ameshaamua kwamba hiki ni chakula. Kihausa nacho kimetumia dafa, neno la kupika chakula ndani ya maji, wakati kina neno lake lingine, tafasa, la kuchemka. Pili, katika lugha ya mitaani ya Tanzania kuchemsha ni kushindwa vibaya. Mwanafunzi aliyefeli amechemsha, na timu iliyofungwa nyumbani imechemsha. "Mvumilivu huchemsha jiwe" ingeangusha darasa zima kwa kicheko, na maana ingegeuka chini juu: aliyesubiri ndiye aliyeshindwa.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, umo katika neno dogo jiwe lenyewe, na hauna uhusiano na kamusi.

Waislamu wa pwani na bara wamekisikia misikitini na vyuoni kisa cha Khalifa Umar bin Khattab. Usiku mmoja, akitembea nje ya Madina na mtumishi wake Aslam, aliona moto kwa mbali. Alipokaribia alimkuta mwanamke na watoto wanaolia, na chungu kiko jikoni. Ndani ya chungu hamkuwa na chakula; wasimulizi wengine husema mlikuwa na maji matupu, wengine husema mlikuwa na mawe. Mama alikuwa akiwatuliza watoto wadhani kinapikwa kitu, hadi usingizi uwachukue. Umar alirudi kwenye ghala la hazina, akabeba unga na mafuta mgongoni mwake mwenyewe, akakataa Aslam asimpokee, akarudi na kuwapikia.

Kisa hicho hakikubaki cha kale. Mwezi Aprili 2020, katika siku za mwanzo za korona, vyombo vya habari vya Kenya vilitangaza habari za mjane mmoja wa Mombasa aliyekosa vibarua vyake na akawa anapika mawe ili watoto wangoje chakula mpaka walale. Majirani waligundua, habari zikaenea, na misaada ikamiminika kutoka ndani na nje ya nchi. Wengi wetu tunaikumbuka.

Kwa hiyo sikio la Mswahili lina mahali lilipokwisha kuliweka jiwe ndani ya chungu. Mahali hapo ni njaa. Ni mama anayewadanganya wanawe kwa huruma kwa kuwa hana la kuwapa. Ukimwambia mtu mwenye kumbukumbu hiyo kwamba mvumilivu hupika jiwe, anaweza kukuelewa kwamba unasema maskini hujidanganya, au kwamba subira ni kuwalaza watoto na njaa. Mhausa naye anaweza kuwa anakijua kisa cha Umar, lakini methali yake inakwenda upande wa pili: jiwe lake hatimaye linatoa supu.

Nimeona njia 2 za kuuvuka mtego huu bila tanbihi. Ya kwanza ni kushikilia umoja. Katika kisa yanapikwa mawe, mengi, ya kufanya mlio na ya kujaza chungu. Methali ina jiwe moja, dutse, na mtu mmoja anayekabiliana nalo. "Hupika mawe" itampeleka msomaji kwa yule mama moja kwa moja. "Hupika jiwe" inamzuia kidogo, kwa sababu ya upekee wake. Ya pili, na ndiyo yenye uzito zaidi, ni kutoikata methali katikati. Wako watu wenye mazoea ya kutaja nusu ya methali na kumwachia msikilizaji amalizie, kama tunavyofanya na "haraka haraka". Hii haikatiki hivyo kwa Kiswahili, angalau si leo wakati bado ni ngeni. Supu lazima isikike katika pumzi ileile, maana supu ndiyo inayoligeuza jiwe kutoka njaa kuwa ushindi.

Dutse lina jambo jingine la kupendeza. Kwa Kihausa neno hilo ni jiwe na pia ni kilima cha mawe. Mji wa Kano umekaa chini ya vilima 2, Dala na Goron Dutse. Makao makuu ya Jimbo la Jigawa, lililoundwa 1991, yanaitwa Dutse, mji uliozungukwa na miamba. Mhausa kwa hiyo anaishi na mawe makubwa mbele ya macho, na mawe madogo anayo hata jikoni, kwa sababu jiko la kuni la vijijini, murhu, huwa ni mawe 3 yaliyozunguka moto na chungu juu yake. Hayo ndiyo mafiga yetu. Jiwe kazi yake inayojulikana ni kukaa chini ya chungu na kukibeba. Methali imelitoa pale chini na kulitia ndani. Mswahili aliyekulia kwenye mafiga anaiona picha hii sawasawa na Mhausa, wala hahitaji kuelezwa chochote.

Sasa nirudi mwanzoni mwa sentensi, kwenye "mai haƙuri". Kihausa na Kiswahili vimekopa maneno mengi kutoka Kiarabu, na mara nyingi ni yale yale yaliyovaa nguo tofauti. Labari yao ni habari yetu, lafiya ni afya, hankali ni akili, ladabi ni adabu, hikima ni hekima, na amana imebaki amana. Mtaalamu wa Kihausa Anthony Kirk-Greene, katika mhadhara wake mashuhuri wa miaka ya 1970 kuhusu mutumin kirki, yaani mtu mwema kwa macho ya Wahausa, aliitaja haƙuri pamoja na sifa hizo za amana, hekima, adabu na akili. Msomaji wa Kiswahili akizisoma sifa hizo anajiona nyumbani. Lakini kwenye subira tumeachana: sisi tulichukua neno la Kiarabu, wao wana haƙuri, lenye ile ƙ ya ndoana kichwani inayotamkwa kwa kubana koo.

Na haƙuri inafanya kazi nyingi kuliko subira. Ukimkanyaga mtu sokoni unamwambia "ka yi haƙuri" akiwa mwanamume, "ki yi haƙuri" akiwa mwanamke. Hapo ni samahani. Mfiwa naye anaambiwa afanye haƙuri, na hapo ni pole. Mteja anayengoja chenji anaombwa haƙuri. Kumpa mtu haƙuri, ba da haƙuri, ni kumwomba radhi au kumtuliza aliyeudhika. Neno moja linashika kungoja, kustahimili maumivu na kusamehe. Kiswahili kimeyagawa: subira inaelekea kwenye kungoja, uvumilivu na ustahimilivu vinaelekea kwenye kubeba yanayouma.

Kwa nini basi nilimwandikia mzee wa Kano "mvumilivu" na si "mwenye subira"? Kwa maana, kwa sababu mpika jiwe anaumia. Yupo kwenye moshi na joto, hayuko kibarazani anangoja. Lakini kuna sababu nyingine ninayoipenda zaidi. Mswahili akisikia "mvumilivu hu...", ulimi wake tayari umemaliza: hula mbivu. Anadhani anaijua. Halafu badala ya embe anapewa jiwe, na anashtuka. Mshtuko ule ni faida tupu, kwani unamfanya aisikilize methali kama Mhausa wa kwanza aliyewahi kuisikia. "Mwenye subira" ni tafsiri sahihi zaidi ya mai haƙuri kwa umbo, na mfasiri wa kitabu cha isimu angeichagua. Mimi katika hadithi nachagua mvumilivu.

Upande wa wakati wa kitenzi, lugha hizi 2 zimesaidiana kwa namna ya ajabu, hasa ukikumbuka kwamba si ndugu kwa nasaba: Kihausa ni cha jamii ya Kichadi, Kiswahili ni cha Kibantu. Yakan ya Kihausa ni ya mazoea, jambo litendekalo siku zote, na sisi tuna hu- inayofanya kazi hiyohiyo, tena ndiyo sauti yenyewe ya methali zetu. Panapohitaji uamuzi ni "har ya sha". Maandishi ya kawaida ya Kihausa hayaonyeshi toni wala urefu wa irabu, kwa hiyo ya hiyo, kwa macho, inaweza kuwa ya tendo lililokwisha au ya tendo linalotarajiwa. Kwa Kiswahili huwezi kukaa katikati. "Hadi anywe" ina maana ya nia: anapika, anakusudia kunywa, hatujui kama atafika. "Hadi akanywa" inamfikisha. Kwa sababu niliyoieleza kuhusu njaa, nachagua akanywa bila kusita. Supu isiyokuwa na uhakika ingemrudisha msomaji kwa watoto waliolazwa.

Nayo "yake" mwishoni imekuja bila jasho. Romonsa inaweza kuwa supu ya jiwe au supu ya yule mtu, kwa kuwa dutse kwa Kihausa ni la jinsia ya kiume sawa na mwenye subira anavyotajwa hapo. "Supu yake" kwa Kiswahili ina utata uleule, na ni utata mzuri: supu imetoka kwenye jiwe, na ni haki ya aliyelipika. Atakayeandika "supu ya jiwe hilo" atakuwa ameeleza zaidi na kusema kidogo.

Je, mtu atajuaje kama tafsiri imefaulu? Kumwuliza msomaji kama ameelewa hakusaidii, kwani wengi watasema ndiyo. Mpe methali bila maelezo, kisha umwulize: hii ungemwambia nani? Akijibu kwamba angemwambia mtu anayepoteza muda kwa jambo lisilowezekana, basi ameisikia kama dhihaka, na huenda sauti ya mahali ilipowekwa ndiyo yenye kasoro. Akijibu kwamba angemwambia mtu mwenye njaa, jiwe limeangukia kwenye kisa cha Umar. Akitaja mwanafunzi anayerudia mtihani, mama mwenye mtoto mgumu, mdai anayefuatilia haki yake mahakamani mwaka hata mwaka, hapo methali imefika ilikokuwa ikienda.

Lipo swali ambalo mfasiri mwaminifu hawezi kulipita. Wahausa husema pia kwamba ndoa ni zaman haƙuri, maisha ya uvumilivu, na mara nyingi anayeambiwa hivyo ni mwanamke. Methali za subira, kwao kama kwetu, hutamkwa zaidi na walioshiba kwa wasioshiba. Fundi anamwambia mwanafunzi, mume anamwambia mke, kiongozi anawaambia wananchi. Ndiyo maana naliona jibu la yule kijana wa darizi kuwa la haki kabisa. Methali inadai moto uwake muda mrefu, na moto hula kuni. Anayemtaka mwenzake apike jiwe ana wajibu wa kusema kuni zitatoka wapi. Ukibadilisha picha ukaweka embe, swali hilo haliwezi kuulizwa, maana embe halimgharimu mtu kitu kuiva. Picha ya Kihausa imemwachia mnyonge mlango wa kujibu, na mfasiri anayeifuta anaufunga mlango huo bila kujua.

Kwa watunga mashairi nina jambo moja la kuongeza. Sentensi ya Kihausa, ukiihesabu silabi zake, ina 16, sawasawa na mizani ya mshororo wa shairi letu la kawaida. Tafsiri ya nathari niliyoipendekeza inazidi hapo. Lakini Kiswahili cha ushairi kina ruhusa yake ya kufupisha, na panaposemwa rohoye na moyowe, supuye nayo inapita. "Hadi" itaondoka, na ka ya akanywa itabeba muda wote peke yake. Tunapata mizani 8 kwa 8, kituo kikiangukia kwenye kitenzi ili jiwe lisikike mara tu pumzi inaporudi: Mvumilivu hupika, jiwe akanywa supuye. Vina ni -ka na -ye. Anayeweza kuumalizia ubeti, uwanja ni wake.